Sindano ishirini na tisa: barua ya ruhusa ya shosho aliyevunjika nyonga

Mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mstari ninaousoma kwanza kwenye barua yake ni ule wa dawa ya kuzuia damu kuganda. Mara nyingi umeandikwa hivi: "Enoksaparini miligramu 40 kila siku, siku 35." Daktari akiusoma haoni kasoro. Binti wa mgonjwa, aliyesimama kwenye dirisha la dawa akiwa na mfuko mkononi, ana maswali matatu. Siku 35 zinahesabiwa tangu upasuaji au tangu leo? Mbona mfuko una sindano kumi tu? Na zikiisha hizi kumi, matibabu ndiyo yamekwisha?

Niko wodi ya mifupa hapa Nairobi, na barua hizi naziandika karibu kila wiki. Nimewaona wazee wakirudishwa na mguu uliovimba kama gogo, barua ikiwa imekunjwa vizuri kwenye bahasha ya eksirei, ina sahihi na muhuri. Hakuna aliyekaidi. Sindano walizopewa ziliisha, na karatasi haikuwaambia zilipaswa kuisha tarehe gani. Ndiyo maana nataka kuipitia barua moja polepole, ya mgonjwa ambaye nimebadilisha mambo kadhaa ya maisha yake ili asitambulike.

Wodini alikuwa shosho wa kila mtu. Ana miaka 81 na kilo 52, anatumia amlodipini ya presha, na anaishi na bintiye Umoja kwenye ghorofa ya pili ya jengo lisilo na lifti. Aliteleza bafuni alfajiri. Eksirei ilionyesha shingo ya mfupa wa paja la kulia imevunjika na vipande vimeachana. Mahali hapo pana ugumu wake. Damu nyingi inayolisha kichwa cha mfupa hupanda kwa mishipa midogo iliyolala juu ya shingo hiyo, na vipande vikiachana mishipa nayo hukatika. Kuunga kwa skrubu katika umri huo mara nyingi huishia kichwa kikifa na mgonjwa kurudi tena mezani. Kwa hiyo hutolewa kichwa chote, kikawekwa cha chuma chenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja. Kikombe cha nyonga alichozaliwa nacho kinabaki, ndiyo maana tunasema amebadilishiwa nusu ya kiungo.

Alipasuliwa Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, akaruhusiwa Jumatano tarehe 12. Barua yake inaanza na mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka: shina limeshikwa kwa saruji ya mfupa, na kiungo kilifikiwa kwa nyuma. Yanaonekana kama habari za chumba cha upasuaji zisizomhusu mtu wa nyumbani, lakini ndiyo yanayoamua shosho atakavyoishi wiki zinazofuata.

Nianze na saruji. Saruji ya mfupa hukauka ndani ya dakika chache, mgonjwa akiwa bado mezani. Ikishakauka, shina halisubiri mfupa uote kulizunguka ndipo libebe uzito. Shosho anaweza kukanyaga kwa uzito wake wote siku inayofuata, na alisimama siku inayofuata, akishika fremu ya kutembelea, huku mtaalamu wa fiziotherapia akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Nyumbani hali huwa tofauti. Mtu akivunjika mfupa, jamaa wote wanajua dawa yake ni kulala. Majirani wakija kumjulia hali watasema, "Mama, usijisumbue, pumzika." Mapenzi hayo ndiyo yanayoleta vidonda vya kulalia, nimonia na damu kuganda. Barua ikisema tu "atembee kadiri awezavyo," binti ataelewa kwamba asipoweza basi si neno.

Kwa hiyo tuliandika hivi:

"Mguu wa kulia unabeba uzito wote, hakuna kiwango cha kuzuia. Atembee na fremu ndani ya nyumba angalau mara nne kwa siku, na safari ya chooni ihesabiwe. Asitumie bedipani mchana. Asikae kitini zaidi ya saa moja bila kusimama. Maumivu ya kiasi wakati wa kutembea ni ya kawaida. Maumivu ya ghafla yanayomzuia kusimama si ya kawaida."

Ule mstari wa bedipani ulibishaniwa. Muuguzi wa zamu aliona ni mkali mno. Mimi naona ndio muhimu kuliko yote katika aya hiyo, kwa sababu mzee huenda chooni atake asitake, na kila akienda kwa miguu yake amefanya zoezi bila kulazimishwa na mtu.

Hapo ndipo lile jambo la pili linapoingia. Ukifika kwenye nyonga kwa nyuma, unapita katikati ya misuli na ngozi ngumu inayofunika kiungo upande huo, halafu unashona. Mpaka mshono huo upone, kichwa cha chuma kinaweza kuchomoka kwa nyuma mguu ukiwekwa vibaya. Mkao mbaya ni ule wa kukunja nyonga kupita pembe mraba huku goti likielekea ndani. Sasa fikiria choo cha kuchuchumaa. Fikiria kochi la sebuleni lililobonyea, ambalo magoti ya anayeketi hupanda juu kuliko kiuno. Fikiria kigoda cha jikoni anachokalia akichambua sukuma wiki. Nyumba ya kawaida ya Nairobi imejaa mikao ambayo nyonga hii haipaswi kuikaa, na hakuna hata mmoja unaoonekana wodini, kwa kuwa vitanda na viti vyetu vyote ni virefu.

Nilimuuliza binti choo chao kikoje. Alinitazama kama mtu asiyetarajia swali hilo kutoka kwa daktari. "Ni cha kuchuchumaa, daktari. Tunashiriki na nyumba mbili." Kwa hiyo kabla ya ruhusa alimtafuta fundi mtaani, akakata tundu kwenye kiti imara cha plastiki na kukifungia kwenye fremu ya chuma isiyoteleza, ndoo ikakaa chini. Kipimo tulichompa fundi ni rahisi: shosho akikaa, nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kwa urefu wake ilitoka kama sentimita 50 kutoka sakafuni. Kipimo hichohicho ndicho cha kiti cha kulia chakula, na kitanda kikawekewa matofali miguuni.

Barua inasema asichuchumae, asipishanishe miguu, asiiname kuokota kitu sakafuni, na alale na mto katikati ya mapaja, mpaka atakapoonwa wiki ya sita. Inasema pia dalili za nyonga iliyochomoka: maumivu ya ghafla, mguu unakuwa mfupi kuliko mwenzake, na kidole gumba kinageukia ndani. Hapo arudishwe hospitali siku hiyohiyo, asile kitu njiani kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi, na mguu usivutwe wala kukandwa na mtu yeyote. Neno kukandwa tuliliandika makusudi. Karibu kila mtaa una mama anayekanda, na wengi wao ni watu wema ambao watakuja bila hata kuitwa.

Ngazi zilichukua mistari miwili. Akipanda, mguu mzima hutangulia. Akishuka, mguu uliopasuliwa hutangulia. Mtu mmoja awe chini yake siku zote. Fiziotherapia ilimpitisha kwenye ngazi za wodi siku moja kabla ya kwenda, maana mtu wa ghorofa ya pili asiyeweza ngazi hajawa tayari kuruhusiwa, hata kama kidonda ni kikavu.

Narudi kwenye sindano.

Hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu na kiunoni haiishii mlango wa wodi. Inaendelea kwa wiki kadhaa, na donge likikatika hupanda mpaka kwenye mapafu. Ndiyo sababu baada ya upasuaji wa nyonga kinga hii huendelezwa kwa takriban mwezi mmoja, siku 28 hadi 35. Upasuaji wa shosho uliisha saa sita mchana. Sindano ya kwanza alipewa saa mbili usiku, saa nane baadaye. Hairuhusiwi kuwahi sana, kidonda kisije kikavuja. Daktari wa upasuaji alichagua dozi 35, kwa hiyo ukihesabu usiku huo kuwa wa kwanza, ya mwisho ni usiku wa tarehe 9 Aprili. Wodini amepata sita, za tarehe 6 hadi 11 Machi. Zimebaki 29.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa: "Enoksaparini miligramu 40, sindano moja saa mbili usiku. Zimebaki 29. Ya kwanza nyumbani ni leo tarehe 12 Machi, ya mwisho ni Jumatano tarehe 9 Aprili. Baada ya hapo haiendelei." Dirisha la dawa lilikuwa na kumi tu siku hiyo. Tulimwandikia binti karatasi ya pili ya dawa kwa zile 19 zilizobaki, na kwenye barua tukaongeza: "Zilizotolewa leo 10, za kununua 19, zipatikane kabla ya tarehe 21 Machi." Ni dawa ghali. Familia ikijua siku tisa mapema itachanga. Ikigundua usiku ambao mfuko ni mtupu, itaruka usiku huo, kisha wa pili.

Binti alijidunga kidole mara ya kwanza, mara ya pili akaweza. Sindano huja na dawa ndani tayari. Anashika ngozi ya tumbo ikunjike, mbali na kitovu kwa upana wa vidole vitatu hivi, anaingiza sindano yote ikiwa wima, anasukuma polepole, na anaiachilia ngozi baada ya kuchomoa. Leo kulia, kesho kushoto. Kile kipovu cha hewa kilichomo asikitoe, kwa sababu akikifukuza atapoteza na dawa. Asisugue baada ya kudunga, la sivyo tumbo litajaa michubuko. Zilizotumika ziingie kwenye kopo gumu lenye kifuniko.

Kuna namba mbili nilizoziandika pembeni mwa mstari huo wa dawa ambazo barua nyingi hazina: uzito na kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Enoksaparini hutoka mwilini kupitia figo. Figo zikichoka, dozi ileile inarundikana siku baada ya siku mpaka mgonjwa anaanza kuvuja damu. Kreatinini ya shosho siku ya kuruhusiwa ilikuwa 98 kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Kwa mwanamke mnene wa miaka 40, hiyo si habari. Kwa mwanamke wa miaka 81 mwenye kilo 52, hesabu inatoka hivi:

```
(140 − 81) × 52 × 1.04 ÷ 98 = 32.6
```

Hizo ni mililita kwa dakika, makadirio ya kazi ya figo; 140 na 1.04 ni namba za kudumu za fomula, 1.04 ikiwa ya wanawake. Kikomo cha dawa hii ni 30. Yuko juu ya kikomo, lakini kwa upenyo mdogo, na mzee asipokunywa maji siku mbili anaweza kushuka chini yake. Kwa hiyo barua ilimwandikia mhudumu yeyote atakayemwona: "Kreatinini irudiwe tarehe 20 Machi. Ikitoka zaidi ya 106, kazi ya figo imeshuka chini ya 30. Tupigie simu, dozi ipunguzwe." Nambari ya simu ilikuwa ya wodi, si ya daktari mmoja anayeweza kuwa likizo. Mstari uliofuata ulikataza diklofenaki na ibuprofeni, na ukataja paracetamol gramu moja asubuhi, mchana na usiku.

Tarehe 20 ilichaguliwa kwa sababu nyingine pia. Ndiyo siku ya 14 ya kidonda, siku ya kutoa pini za ngozi. Mzee asipandishwe na kushushwa ghorofa mara mbili kwa mambo yanayoweza kufanyika asubuhi moja katika kituo cha afya cha karibu. Tuliomba pini, kreatinini na picha ya damu, tukaeleza kwamba aliondoka na hemoglobini ya 9.6 na kwamba tungependa kuona pia idadi ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, maana dawa hii mara chache huziangusha.

Simu ilikuja saa saba mchana siku hiyo. Afisa wa kliniki alikuwa ametoa pini, kidonda kizuri, hemoglobini imepanda kidogo, chembe sahani sawa. Kreatinini ni 112. Ukiiweka mahali pa 98 katika hesabu ile unapata 28.5. Nilimwomba aulize kuhusu dawa za maumivu. Kumbe jirani alileta vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa, na vikafanya kazi kweli, shosho akatembea vizuri zaidi. Binti alikuwa ameusoma mstari wa katazo, lakini vidonge vilikuwa na jina la kampuni upande wa mbele na jina la dawa kwa herufi ndogo nyuma.

Diklofenaki ilikuwa inafanya maovu mawili pamoja. Inabana damu inayoingia kwenye figo, hivyo enoksaparini inabaki mwilini, na wakati huohuo inakwaruza utando wa tumbo, mahali ambapo damu iliyozuiwa kuganda hupenda kuvujia. Tuliuliza choo chake kina rangi gani. Kilikuwa cha kawaida, si cheusi kama lami. Diklofenaki ikakoma siku hiyo, akaambiwa anywe maji, kreatinini irudiwe baada ya siku nne.

Na dozi ya sindano? Ipo miongozo inayoishusha hadi miligramu 20 na mingine hadi 30 figo zikiwa chini ya 30. Daktari wetu alichagua 20. Hapa pana mtego ambao mtu wa nyumbani hawezi kuuona. Sindano ya miligramu 40 haina mistari ya vipimo, kwa hiyo huwezi kusukuma nusu na kuwa na hakika ni nusu. Ilibidi zinunuliwe sindano za miligramu 20, na kwa bahati zile 19 za mwanzo zilikuwa hazijanunuliwa zote. Kuanzia usiku huo hadi tarehe 9 Aprili ni sindano 21. Afisa aliandika namba hiyo kwa kalamu kwenye barua ileile, akakata ile ya zamani na kutia sahihi. Kwa maoni yangu barua ya ruhusa inapaswa kuwa na nafasi tupu upande wa kulia kwa ajili ya kalamu ya mtu wa pili. Kreatinini ya siku nne baadaye ilikuwa 99, lakini tuliiacha dozi ilipo, kwani kubadilisha sindano mara ya pili ndani ya nyumba moja kungeleta makosa zaidi ya faida.

Barua ilikuwa na dalili tatu za kurudi bila kungoja tarehe: shavu la mguu kuvimba na kuuma, upande mmoja zaidi ya mwingine, kukosa pumzi au kifua kuchoma ghafla, choo cheusi au damu isiyokoma. Kuhusu uvimbe tuliongeza kwamba mguu uliopasuliwa huvimba kiasi jioni na kupungua asubuhi, na kwamba uvimbe usiopungua asubuhi ndio wa kutiliwa shaka. Bila sentensi hiyo, familia ama itakimbia hospitali kila jioni ama itazoea uvimbe wote.

Kliniki ya wiki sita iliangukia Alhamisi tarehe 17 Aprili, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Tulijua kwamba familia ingetaka kusafiri kwenda Nyeri na kwamba stendi zingejaa, kwa hiyo tuliandika "saa mbili asubuhi, eksirei kwanza" na tukaambatanisha ombi la eksirei lililojazwa tayari. Alikuja kwa mkongojo mmoja. Picha ilionyesha shina limekaa palepale, saruji haina ufa, miguu ina urefu sawa. Aliruhusiwa kulalia upande na kuachana na mto wa katikati ya mapaja. Kuchuchumaa hakuruhusiwi tena, na hilo alilipokea kwa kusema kile kiti cha fundi amekizoea kuliko choo. Safari ya Nyeri tuliikubali kwa sharti la kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma kabisa, mto mgumu chini, na kushuka kutembea kidogo njiani.

Kilichobaki kwenye barua ni jambo ambalo wodi nyingi za mifupa huliacha kwa sababu si la kisu. Mtu aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe ana mifupa dhaifu, na nyonga ya pili bado ipo. Dawa yenye nguvu ni asidi ya zoledroni, miligramu 5 kwa dripu mara moja kwa mwaka. Haitolewi kabla ya wiki mbili tangu kuvunjika, na haitolewi kwa mtu ambaye figo zake ziko chini ya 35. Tarehe 12 Machi shosho alikuwa na 32.6. Ndiyo maana barua ilisema aanze kalsiamu na vitamini D, na uamuzi wa dripu usubiri kreatinini ya wiki sita badala ya kufutwa.

Kreatinini ya tarehe 17 Aprili ilikuwa 86, uzito ni uleule, jibu ni 37.1. Kalsiamu ya damu ilikuwa sawa. Alipewa maji kwanza, kisha dripu ikapita kwa nusu saa, polepole kuliko zile dakika 15 ambazo ndizo kiwango cha chini. Tulimwonya binti kwamba usiku huo mama anaweza kupata homa na mwili kuuma kama wa mafua, na kwamba hapo ni paracetamol, wala si vile vidonge vya jirani. Kwenye karatasi mpya tukaandika tarehe ya dripu ijayo, Aprili 2026, na chini yake: "Kreatinini na uzito kwanza."